Fyuzi ya Taa Ndogo Inaungua Mara Tu Ikibadilishwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutafuta Shoti

Maswali haya yanahusu hitilafu moja: fyuzi ya mkondo mmoja wa gari inaungua papo hapo kila inapobadilishwa, huku fyuzi nyingine zote zikiwa nzima. Mfano tunaoufuata ni mkondo wa taa ndogo, yaani taa zinazowaka swichi inapowekwa hatua ya kwanza: mbili za mbele, mbili za nyuma, za namba ya gari na za dashibodi. Katika magari mengi ya Toyota fyuzi hiyo imeandikwa TAIL kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, na mara nyingi ni ya ampea 10, rangi nyekundu. Mkondo huu unafaa kufundishia kwa sababu unapita karibu gari zima, na kwa hiyo una sehemu nyingi za kuchunika.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini fyuzi mpya inaungua papo hapo?

Kwa sababu umeme umepata njia ya kurudi kwenye bodi ya gari bila kupitia balbu. Taa ndogo zote zikiwaka pamoja hutumia takriban ampea 2 hadi 3 tu, kwa hiyo fyuzi ya ampea 10 haisumbuliwi nazo. Waya uliochunika ukigusa chuma, umeme unaopita unaweza kuzidi ampea 100 kwa muda mfupi, na fyuzi hukatika kabla hata hujaondoa mkono kwenye swichi. Hiyo ndiyo shoti.

Tofautisha hali hii na fyuzi inayodumu dakika kadhaa au siku kadhaa kisha ikakatika. Hiyo mara nyingi ni mzigo uliozidi, au ni shoti inayokuja na kuondoka, na hiyo ya pili imeelezwa katika swali la 11. Itazame fyuzi yenyewe kwenye mwanga: fyuzi iliyokatwa na shoti kali kwa kawaida huwa na weusi au matone ya chuma yaliyoruka ndani ya plastiki yake, ilhali iliyokatwa na mzigo uliozidi kidogo huwa imeyeyuka katikati bila kuchafuka sana. Ishara hii husaidia, lakini si ushahidi wa kutosha peke yake.

2. Je, naweza kuweka fyuzi ya ampea 20 au 30 ili nifike nyumbani?

Hapana. Fyuzi imechaguliwa kulingana na unene wa waya unaoifuata, na nyaya za taa ndogo ni nyembamba. Ukiweka fyuzi ya ampea 30, au waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kitu kinachofuata kuungua ni waya wenyewe, na kwa kuwa umefungwa pamoja na nyaya nyingine ndani ya fungu moja chini ya zulia, utaziyeyusha na hizo. Hapo hutakuwa tena na shoti moja ya kutafuta.

Kama ni usiku na huna fyuzi wala kifaa, acha nafasi ya fyuzi ikiwa tupu na uliegeshe gari mahali salama. Katika baadhi ya magari taa kubwa zina fyuzi zake na huendelea kuwaka, lakini gari lisiloonekana kwa nyuma ni hatari barabarani, na kuwasha taa za dharura ukiendelea na safari hakuiondoi hatari hiyo.

3. Kuna faida gani kubadilisha fyuzi mara kadhaa huku nikitikisa nyaya?

Faida ni ndogo. Kila fyuzi inakujibu swali moja tu kwa sehemu ya sekunde, kisha inakufa. Wengine humaliza pakiti nzima kwa njia hiyo na kubaki na ujuzi uleule waliokuwa nao mwanzo. Kinachohitajika ni kitu cha kukaa mahali pa fyuzi kinachoweza kuihimili shoti kwa muda mrefu na kukuonyesha kwa macho kama bado ipo. Kitu hicho ni balbu, kama inavyoelezwa katika swali la 5.

4. Fyuzi inakatika lini hasa, na hilo linaniambia nini?

Swali hili huokoa kazi nyingi, na wengi hulipita. Weka fyuzi swichi ikiwa imezimwa. Ikikatika hapohapo, shoti iko kwenye sehemu inayopata umeme muda wote, kabla ya swichi au rilei. Ikitulia mpaka uwashe taa ndogo, shoti iko baada ya hapo, upande wa taa. Hii ya pili ndiyo hali ya kawaida, na ndiyo tutakayoifuata.

Magari hayakupangwa namna moja: katika baadhi fyuzi huwa kabla ya swichi, na katika mengine umeme hupita kwanza kwenye rilei ndipo ufike kwenye fyuzi. Katika aina hii ya pili fyuzi haipati umeme kabisa mpaka taa ziwashwe, kwa hiyo kutulia kwake swichi ikiwa imezimwa hakukuambii jambo jipya. Ili kujua gari lako ni la aina gani, chomoa fyuzi na uguse nafasi zote mbili kwa tesa, taa zikiwa zimezimwa. Tesa isipowaka popote, fyuzi iko baada ya swichi au rilei.

## Kifaa na vipimo

5. Balbu ya kupimia inatengenezwaje?

Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, soketi yake na nyaya mbili zenye urefu wa kutosha kufika mahali utakapokuwa unafanyia kazi. Chukua pia fyuzi iliyoungua ya umbo lilelile, vunja plastiki yake ya juu, uhakikishe miguu miwili haigusani, kisha lehemu waya mmoja kwenye kila mguu kwa risasi. Sasa una fyuzi yenye mkia wa balbu, ambayo inaingia kwenye boksi bila kuharibu nafasi. Usichokoe nafasi za fyuzi kwa misumari au bisibisi, kwa sababu zikitanuka fyuzi mpya italegea na kupata moto.

Betri ikiwa imeunganishwa, weka kifaa hicho mahali pa fyuzi na uwashe taa ndogo. Kukiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, na umeme unaopita hautafika ampea 2. Kiasi hicho waya wowote wa mkondo huu unakihimili bila shida, hivyo unaweza kufanya kazi bila haraka. Angalizo ni moja: balbu yenyewe hupata moto mkali, kwa hiyo itundike hewani, isilale juu ya kiti wala zulia.

6. Nimeweka balbu ya kupimia inawaka, lakini fundi mwingine anasema hiyo si shoti. Nani yuko sahihi?

Inawezekana ni yeye. Umeme unaopita kwenye balbu yako unaendelea mpaka kwenye taa ndogo zote, na hizo nazo ni njia ya kufika kwenye bodi. Taa hizo sita za wati 5, zikiwa pamoja, ni mzigo wa wati 30, ambao ni mkubwa kuliko balbu yako ya wati 21. Matokeo yake ni kwamba hata gari zima lisilo na shoti litaiwasha balbu yako vizuri tu, ingawa si kwa nguvu kamili, na jicho si rahisi kuitambua tofauti hiyo mchana.

Ndiyo maana hatua ya kwanza kabla ya kuamini chochote ni kutoa balbu zote za mkondo huo: za mbele, za nyuma na za namba. Baada ya hapo mwanga unakuwa wa kueleweka: balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti, ikizimika au ikibaki na mwanga hafifu wa taa ndogondogo za dashibodi, shoti imekwisha au imetengwa. Kama balbu za gari ni ngumu kutoa, tumia badala yake balbu ya taa kubwa ya wati 55. Hiyo hufifia ikiwa imekutana na mzigo wa kawaida tu, na huwaka sana ikiwa imekutana na shoti.

7. Kwa nini nisitumie mita kupima omu tu?

Unaweza, lakini mita inadanganya kirahisi katika kazi hii. Balbu ya wati 5 ikiwa inawaka ina ukinzani wa karibu omu 29, lakini ikiwa baridi ina takriban sehemu moja ya kumi ya hiyo, yaani karibu omu 3. Sita zikiwa pamoja zinatoa takriban nusu omu. Mtu anayesoma 0.5 kwenye mita hudhani amekuta shoti, kumbe anapima balbu nzima. Nyaya za mita zenyewe nazo huongeza kiasi kidogo, kwa hiyo gusanisha ncha zake kwanza uone zinasoma ngapi.

Mita ni nzuri baada ya balbu zote kutolewa na waya hasi wa betri kufunguliwa. Hapo pima kati ya bodi na nafasi ya fyuzi inayoelekea kwenye taa. Hata hivyo, kwa kutafuta, balbu ni bora, kwa sababu unaiona ukiwa umeinama nyuma ya gari na mikono yako yote miwili ina kazi.

## Kutenga sehemu moja baada ya nyingine

8. Nianzie wapi?

Anzia kwenye vitu vilivyoongezwa na watu baada ya gari kutoka kiwandani. Redio mpya huwa na waya wa kuwashia mwanga wake, na waya huo huunganishwa kwenye mkondo wa taa ndogo; mara nyingi huachwa ukining'inia bila tepu. Taa za urembo za daladala na matatu, soketi ya tela, kingʼora cha wizi na kifaa cha kufuatilia gari navyo hupenda kuchukua umeme hapo. Chomoa kila kimoja na uitazame balbu ya kupimia.

Kisha tazama balbu na soketi ulizozifungua. Balbu ya nyuzi mbili inaweza kuwa na uzi uliokatika na kuangukia pasipofaa. Soketi iliyoyeyuka inaweza kugusanisha vidude vyake vya shaba. Balbu za LED za bei nafuu zenye vidole vinne zinastahili kushukiwa sana, kwa kuwa mpangilio wa chanya na hasi haufanani katika zote, na ile isiyolingana na soketi huleta shoti ya moja kwa moja. Kama fyuzi ilianza kuungua siku ileile uliyobadilisha balbu, hakuna haja ya kufungua zulia.

9. Vitu vyote hivyo ni vizima na balbu ya kupimia bado inawaka. Sasa?

Sasa gawa mkondo wenyewe. Kutoka kwenye fyuzi nyaya hugawanyika mara tatu: tawi la mbele, tawi la dashibodi na tawi la nyuma. Kila tawi lina konekta. Chomoa konekta iliyo katikati ya njia ndefu kuliko zote, ambayo kwa kawaida ni ya nyuma, kisha tazama balbu.

Balbu ikizimika, shoti iko mbele ya konekta hiyo, upande wa taa. Irudishe mara moja uhakikishe balbu inawaka tena, kwa sababu kuna wakati balbu huzimika kwa kuwa fungu la nyaya limesogezwa tu. Balbu ikiendelea kuwaka, sehemu uliyoitenga haina lawama kwa sasa; iache ikiwa imechomolewa na uende kwenye konekta nyingine. Kuiacha imechomolewa si uzembe. Gari linaweza kuwa na shoti mbili, na ukirudisha kila konekta kabla ya kuendelea, ile ya pili itaifunika ya kwanza na balbu haitazimika kamwe.

Ukiwa umechomoa konekta zote na balbu bado inawaka, shoti iko kwenye shina lenyewe, kati ya boksi la fyuzi na konekta za kwanza. Fuata fungu la nyaya kwa macho: chini ya vipande vya plastiki vya kizingiti cha mlango, chini ya miguu ya viti, karibu na bolti za mikanda, na popote palipopigwa skrubu mpya ya spika au zulia. Magari yaliyoegeshwa muda mrefu tafuta pia meno ya panya.

10. Naomba mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue gari la Toyota lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na taa za namba zikiwa kwenye mlango huo. Mwenye gari anasema kila akiwasha taa ndogo fyuzi ya TAIL inakatika, lakini breki, indiketa na taa kubwa ziko sawa. Maneno hayo pekee yanatuambia kwamba bodi na betri hazina tatizo na kwamba shoti iko kwenye waya usiotumiwa na taa hizo nyingine.

Balbu ya wati 21 inawekwa mahali pa fyuzi na kuwaka kwa nguvu. Balbu sita za taa ndogo zinatolewa, mwanga haubadiliki. Plagi ya nyuma ya redio inachomolewa, haubadiliki. Kipande cha plastiki cha pembeni ya buti kinafunguliwa, na konekta ya fungu la nyaya za nyuma inachomolewa: balbu inazimika. Inarudishwa, inawaka. Kwa hatua hiyo moja mbele yote ya gari, dashibodi yote na zulia lote vimeondolewa kwenye orodha.

Nyuma kuna matawi matatu: taa ya kushoto, taa ya kulia na mlango. Konekta ya taa ya kushoto inachomolewa, haibadiliki. Ya kulia, haibadiliki. Kitambaa cha dari kinashushwa kidogo kwa nyuma, konekta ya mlango inachomolewa, na balbu inazimika tena. Inarudishwa, kisha mlango unafungwa polepole huku mtu mwingine akitazama: karibu na nusu ya safari balbu inapepesa. Hapo hakuna tena cha kukisia. Mpira wenye mikunjo unaopitisha nyaya kutoka darini kuingia mlangoni unavutwa, na ndani yake waya mmoja umepasuka gamba, shaba imekuwa nyeusi na inagusa ukingo wa tundu la chuma. Mlango unafunguliwa na kufungwa mara nyingi kila siku, na waya hujikunja mahali palepale kila mara, hivyo sehemu hii ndiyo ya kwanza kuitazama katika gari lolote la umbo hili.

11. Shoti inakuja na kuondoka. Nitaikamataje?

Acha balbu ya kupimia mahali pake, na balbu za gari zikiwa zimetolewa, kisha fanya kila jambo ambalo gari hufanya likiwa safarini: fungua na ufunge buti, zungusha usukani, songeza viti, piga fungu la nyaya kwa ngumi kidogo kidogo, bonyeza kona za taa. Msaidizi atazame balbu. Shoti inayotokea wakati wa mvua pekee hutafutwa kwenye soketi za taa za nyuma na kwenye soketi ya tela, ambako maji huacha kutu ya kijani inayopitisha umeme. Hiyo kwa kawaida huanza na fyuzi inayochelewa kukatika.

## Kurekebisha na kurudisha

12. Nikishaupata waya, nifunge tepu tu?

Mahali pasipojikunja, kama shaba haijaliwa, kulisafisha gamba na kuufunga waya vizuri kunaweza kutosha, mradi uondoe pia ukingo uliouchuna. Kwenye bawaba ya mlango tepu haidumu. Fungua waya hasi wa betri, kata sehemu yote iliyochoka na uweke kipande kipya cha unene uleule, kikiwa kirefu kiasi cha kuvuka sehemu yote inayojikunja. Maungio yakae ndani ya dari na ndani ya mlango, mahali palipotulia. Waya uliolehemiwa kwa risasi huwa mgumu, na ukiukunja mara kwa mara hukatika pale ugumu unapoishia.

Kagua nyaya zote zilizomo kwenye mpira huo. Zilizeeka pamoja, na ukiona mmoja umepasuka, jirani zake mara nyingi wana nyufa. Kama unaunga zaidi ya mmoja, maungio yapishane, yasikae sambamba.

13. Nitajuaje kwamba nimemaliza kabla ya kuweka fyuzi?

Rudisha konekta moja moja, balbu ya kupimia ikiwa bado mahali pa fyuzi. Isiwake kwa nguvu baada ya konekta yoyote. Ikiwaka, umepata shoti ya pili, na tayari unajua iko tawi gani. Zikirudi zote kwa usalama, rudisha balbu za gari, weka fyuzi ya ampea 10, washa taa, na uzitazame zote zikiwaka. Kisha fungua na ufunge mlango taa zikiwa zimewashwa.

## Hali za pembeni

14. Je, njia hii inafaa kwa fyuzi yoyote?

Inafaa kwa taa, honi, soketi ya sigara na mikondo mingine ya kawaida. Isitumike kabisa kwenye nyaya za mifuko ya hewa, ambazo kwa kawaida hutambulishwa kwa konekta za njano. Hizo zinahitaji utaratibu wake. Fyuzi inayolisha kompyuta ya injini nayo isipimwe kwa kuwasha na kuzima ovyo. Huko chomoa konekta za vifaa kwanza, betri ikiwa imefunguliwa, na utumie mita kama ilivyo katika swali la 7.

15. Ni fyuzi ya waipa au feni, na nikichomoa mota haiungui tena. Ni shoti ya waya?

Si lazima. Mota iliyokwama huvuta umeme mwingi sana bila waya wowote kuchunika. Mota ikiwa imechomolewa, na fyuzi mpya ikadumu, nyaya mpaka kwenye konekta hiyo ni nzima. Zungusha feni au mkono wa mota kwa mkono: ukikataa kuzunguka, kasoro ni ya kifaa. Ukizunguka kwa urahisi, pima kati ya kituo chanya cha mota na ganda lake la chuma, ukiwa umeitoa kabisa kwenye gari, ili bodi isiingilie kipimo.

16. Gari langu halikati fyuzi, ila taa moja inazimika na onyo linatokea kwenye dashibodi.

Katika magari mengi mapya, hasa ya Ulaya, taa hulishwa na kompyuta ya bodi, ambayo hukata umeme yenyewe ikihisi shoti. Hakuna fyuzi ya kuweka balbu ya kupimia mahali pake. Mgawanyo wa konekta kwa konekta unabaki uleule, lakini hufanywa kwa mita, betri ikiwa imefunguliwa na balbu zimetolewa; na baadhi ya kompyuta hizo, zikishakata mara nyingi, hukataa kurudisha umeme mpaka hitilafu ifutwe kwa mashine ya kusomea, hata kama waya umekwisha kutengenezwa.